Kadi Tano za Siku Mbaya: Kima cha Chini cha Kusoma Wakati wa Kahawa na Usipa



Naomba nianze na kalenda. Ni kalenda ya kawaida ya ukutani, na ilikuwa ya mwanafunzi wangu mmoja, mama anayelima kahawa na maharage huku Mbinga kwenye milima ya Umatengo. Alikatiza masomo akiwa kidato cha pili, akaolewa, akazaa, na baada ya miaka mingi akaamua kujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule unaomfungulia mlango mtu wa namna yake kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Tulikubaliana asome saa moja kila jioni, na kila akimaliza atie alama ya mkasi kwenye tarehe.

Kuanzia Februari hadi Mei kalenda ile ilijaa mikasi. Juni ilianza na mikasi miwili, ikafuata nafasi tupu nne, mkasi mmoja, nafasi tupu tisa. Julai haikuwa na alama hata moja. Agosti alikuja nyumbani akiwa na vitabu vyangu kwenye kitenge, amekuja kuvirudisha. Akaniambia, "Mwalimu, kahawa imenishinda."

Nilikaa na kalenda ile muda mrefu. Mwisho nikaona kwamba tuliyemwonea ni kahawa. Kilichomshinda mama yule ni sharti nililompa mimi mwenyewe: ama saa nzima, ama hakuna kitu. Sharti hilo halikuwa na nafasi ya siku mbaya, na huku kwetu siku mbaya zinajulikana majira yake kama mvua zinavyojulikana.

Tuangalie jioni yake moja ya Juni. Ameamka alfajiri, amechuma kahawa mbivu mchana kutwa. Kahawa mbivu hailali. Ikivunwa leo inatakiwa imenywe leo, maana ikikaa na ganda lake huanza kuchacha vibaya na kuharibu ladha, na bei ikaharibika pamoja nayo. Kwa hiyo saa moja usiku, wakati ambao mimi nilitaka awe amefungua daftari la Baiolojia, yeye alikuwa anazungusha mashine ya mkono, mtoto anamwagia maji. Baada ya hapo ni chakula cha usiku na kuogesha watoto. Saa nne usiku ndipo anakaa. Kumwambia mtu huyo asome saa moja ni kumwambia asisome.

Na uvunaji huo unaanza mnamo Juni na kuendelea hadi Septemba au zaidi, halafu mtihani unakuja Novemba. Miezi ambayo mwanafunzi wa Mbinga anapotea ndiyo miezi ambayo mtihani unamsogelea. Ndiyo sababu nimeona nizungumzie jambo moja tu leo: mtu afanye nini hasa katika jioni kama ile, ili kesho yake awe bado mwanafunzi.

Kima cha chini ni nini

Sote tunalijua neno kima cha chini kwenye mishahara. Ni kiasi ambacho mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake. Nalichukua neno hilo hilo. Kima cha chini cha kusoma ni kazi ndogo iliyopangwa mapema, inayofanyika siku ambayo somo kamili haliwezekani, na ikifanyika siku hiyo inahesabika kuwa imesomwa. Kipimo changu ni hiki: iwe kazi unayoweza kuifanya ukiwa umechoka kabisa, kwa mwanga wa tochi ya simu, ndani ya dakika kumi. Kama inahitaji meza, ukimya na akili iliyopumzika, hiyo bado ni somo, hata ukiiita fupi.

Kwa wanafunzi wangu kima hicho kina vitendo vitatu.

Kitendo cha kwanza ni kadi tano. Kadi zetu tunazikata kutoka kwenye maboksi ya sabuni au karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Vita vya Majimaji vilipiganwa miaka gani? Nyuma: 1905 hadi 1907. Ziwa Nyasa limetokana na nini? Nyuma: kupasuka na kudidimia kwa ardhi katika Bonde la Ufa. Pembetatu mraba yenye pande za 6 na 8, upande mrefu ni ngapi? Nyuma: 36 jumlisha 64 ni 100, kipeuo chake cha pili ni 10. Na kwa kuwa masomo mengi ya sekondari yanajibiwa kwa Kiingereza, kadi nyingi zina neno la Kiswahili mbele na la Kiingereza nyuma. Mwanafunzi anasoma swali, anasema jibu kwa sauti, kisha ndipo anageuza. Mpangilio huo usibadilishwe: kusema kwanza, kugeuza baadaye.

Kitendo cha pili ni mstari mmoja kwenye daftari. Usiandike muhtasari. Andika tu kadi iliyokushinda na mahali pa kuanzia kesho: "Nimesahau kazi ya kongosho. Kesho ukurasa wa 43, mchoro wa figo." Mstari huo ni kwa ajili ya wewe wa kesho, ambaye atafika amechoka na hatakuwa na nguvu ya kutafuta alipoishia.

Kitendo cha tatu ni alama kwenye kalenda, lakini isiwe mkasi. Siku ya somo kamili inapata mkasi. Siku ya kima cha chini inapata mkwaju mmoja, yaani nusu ya mkasi. Mfululizo unahesabu alama zote mbili. Kwa nini nimetenganisha alama, nitaeleza baadaye, maana hapo ndipo pana usalama wa mpango mzima.

Mtaona kwamba sikuweka somo jipya hata kidogo. Siku mbaya ni marufuku kuanza mada mpya. Mtu aliyechoka akisoma mada mpya anaelewa nusu, na ile nusu inamdanganya kuwa ameshaipita. Baadaye anairuka akidhani anaijua, na shimo linabaki pale pale.

Kwa nini kadi, kwa nini zisiwe kurasa

Wengi huniuliza: kama ni dakika kumi, kwa nini asisome tu kurasa mbili za daftari kabla ya kulala? Jibu liko katika jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima muda aliouokoa alipozikariri tena baada ya dakika, saa na siku kadhaa. Aliona kwamba usahaulifu unakwenda mbio mwanzoni kisha unapunguza mwendo: sehemu kubwa ya alichojifunza ilipotea ndani ya siku ya kwanza, na kilichobaki kikapungua polepole. Maana yake kwetu ni kwamba siku inayofuata somo ni siku ya thamani sana. Somo la Jumapili lisipoguswa Jumatatu na Jumanne, hasara yake kubwa imeshatokea kabla ya Jumatano.

Kuligusa kwa namna gani? Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, walichapisha jaribio lililo rahisi kulielewa. Wanafunzi walisoma habari fupi. Kundi moja likairudia kuisoma. Lingine halikuisoma tena, likaambiwa liandike linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Lakini baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi. Kusoma tena kunampa mtu hisia ya kujua, kwa sababu macho yanayafahamu maneno. Kujiuliza na kujibu kunaifanya akili ikitafute kitu ilikokiweka, na safari hiyo ndiyo inayoimarisha njia.

Kwa hiyo dakika kumi za kadi hazilingani na dakika kumi za kurasa. Siku ambayo unazo kumi tu, zipeleke kwenye kujibu.

Nani achague hizo kadi tano? Zichague siku njema, usingoje mbaya. Sisi tunafuata njia ya Sebastian Leitner, mwandishi wa Kijerumani aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972. Kadi zinagawanywa katika visanduku. Kisanduku cha kwanza ni cha kila siku, cha pili ni cha kila baada ya siku tatu, cha tatu ni cha mara moja kwa wiki. Ukijibu sawa, kadi inasogea mbele. Ukikosa, inarudi kisanduku cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika cha tatu. Siku mbaya hufungui kisanduku cha pili wala cha tatu. Unatoa kadi tano za juu katika kisanduku cha kwanza, unazijibu, unafunga. Za visanduku vingine zitangoja siku ya somo kamili bila kudhurika sana, kwa sababu ndizo unazozijua vizuri zaidi.

Wiki moja ya Julai

Msimu uliofuata yule mama alirudi. Nilimwomba aniachie nione wiki yake moja, na naisimulia kwa ruhusa yake.

Jumatatu na Jumanne alichuma na kumenya. Siku zote mbili alifanya kima cha chini: alikaa kwenye kigoda jikoni baada ya kufunika moto, kadi zikiwa kwenye mkebe wa kakao juu ya rafu ya chumvi. Mikwaju miwili. Jumatano kahawa ya Jumatatu ilikuwa bado imevundikwa, maana kwenye baridi ya huku milimani ute hauachi punje haraka, na hakukuwa na uchumaji. Jioni ile ilikuwa nyepesi. Akasoma dakika hamsini, akaingiza mada ya mfumo wa mkojo na kuandika kadi nane mpya. Mkasi. Alhamisi ilikuwa ya kuosha na kuanika kwenye vichanja, akachoka: mkwaju. Ijumaa alichuma tena: mkwaju. Jumamosi kulitokea msiba kwa jirani, akalala matangani. Hakufanya kitu, na Jumapili asubuhi akatia duara, alama yetu ya ugonjwa na msiba. Jumapili mchana akasoma saa moja na nusu. Mkasi.

Mikasi miwili, mikwaju minne, duara moja. Ukiitazama kwa macho ya mwaka uliotangulia, ni wiki mbovu: masomo kamili mawili kati ya saba. Lakini tazama kilichotokea Jumapili. Alipofungua daftari hakutafuta alipoishia, maana mstari wa Ijumaa ulimwambia. Hakurudi nyuma kusoma upya mada ya Jumatano, maana kadi nane zile alikuwa amezigusa kwa siku mbili, tano Alhamisi na tano Ijumaa. Karibu saa yote moja na nusu ilikwenda kwenye kazi mpya. Mwaka wa kwanza, baada ya siku tisa tupu, alitumia jioni mbili nzima kujaribu kukumbuka alikuwa wapi, na jioni ya tatu hakukaa tena.

Matokeo ya mtihani yana sababu nyingi, wala sitayaweka yote juu ya mkebe wa kakao. Ninachoweza kuwaonyesha ni kwamba kahawa ilipokwisha Septemba, vitabu vyangu vilikuwa bado kwake.

Kila siku mbaya na saa yake

Sasa niwageukie ndugu zangu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa sababu kwao mpango huu ulinishinda mwanzoni.

Kijana mmoja mvuvi wa usipa, anayesoma hivyo hivyo nje ya shule, alinieleza kwamba anafanya vizuri wiki mbili kisha anapotea wiki mbili, kila mwezi. Nilidhani ni uvivu wa zamu. Kumbe ni mwezi wa angani. Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa nene taa inawavuta, mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu na wavuvi wanapumzika. Mimi nilikuwa nimemwambia afanye kadi zake baada ya chakula cha usiku. Siku za giza, baada ya chakula cha usiku yuko ziwani.

Kosa halikuwa kwenye wingi wa kazi. Lilikuwa kwenye kengele, yaani jambo la kumkumbusha. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti wa watu 96 waliochagua kila mmoja tendo dogo la kufanya kila siku baada ya jambo lile lile, kama vile kutembea kidogo baada ya chakula. Katikati ya kundi, tendo lilichukua siku 66 kuwa mazoea. Wepesi walitumia siku 18, na wazito ilikadiriwa hadi siku 254. Kinachobeba mazoea hayo ni lile jambo linalotangulia. Siku ambayo jambo hilo halitokei, mwili hauambiwi kitu.

Kwa hiyo tulimpa kengele mbili. Wiki za mbalamwezi, kadi baada ya chakula cha usiku. Wiki za giza, kadi wakati nyavu zinapakiwa kwenye mtumbwi, jua likiwa linashuka, kabla hajaugusa mtumbwi. Kadi tano ndani ya mfuko wa nailoni, maana za kwanza zililowa zikageuka uji. Mstari wa daftari anauandika asubuhi baada ya kuanika usipa. Na wakati mwera unapovuma kwa nguvu na mitumbwi haitoki, hiyo si siku mbaya kwake, ni siku ya mkasi: tulikubaliana kwamba upepo ukifunga ziwa, daftari linafunguka.

Hili ndilo ninalowaomba walimu wenzangu mlifanye na kila mwanafunzi. Msimwambie tu afanye kidogo siku akichoka. Kaeni naye na kalenda, mziandike siku zake mbaya kabla hazijafika, na kwa kila aina ya siku mchague jambo ambalo hata siku hiyo haliachi kutokea: kufunika moto, kufunga mbuzi, kupakia nyavu. Kadi ziwekwe hapo hapo mkono unapofika.

Mahali mpango unapoharibika

Unaharibika kwa njia tatu, na kila moja ina dalili yake.

Ya kwanza ni kima cha chini kugeuka kuwa somo la kila siku. Hapa ndipo ule mkwaju unapofanya kazi. Kama alama zote zingekuwa mikasi, mtu angeweza kujidanganya miezi mitatu akiona mfululizo mzuri ilhali hakuna mada mpya iliyoingia. Kadi tano zinalinda kilichopo, haziongezi kitu. Kwa hiyo kila Jumapili hesabu. Msimu wa kazi nyingi, mikasi miwili kwa wiki inatosha. Nje ya msimu, ukiona mikwaju minne au zaidi kwa wiki mbili mfululizo, somo lako kamili ni refu mno kwa maisha yako. Usijilaumu, likate kutoka saa moja hadi dakika 35, mikasi itarudi.

Ya pili ni kima kupanda bei. Mtu anajisikia vizuri siku tatu, anasema nifanye kadi kumi, kisha kumi na tano. Siku mbaya kweli inapokuja, kumi na tano hazifanyiki, naye hafanyi hata moja. Ruhusa ya kuzidisha ipo, siku ukiwa na nguvu endelea hata saa mbili. Lakini sharti libaki tano. Dalili ni hii: ukianza kuahirisha hata kima cha chini, kipunguze kiwe kadi mbili kwa wiki moja, kisha urudi.

Ya tatu ni kuabudu mfululizo. Nimeona mtu mwenye homa ya malaria anatetemeka na kadi mkononi ili asikatishe alama zake. Hapana. Ugonjwa na msiba vina duara. Mgonjwa alale, usingizi nao unashiriki katika kuyatunza aliyojifunza. Utafiti ule ule wa Lally ulionyesha kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujengaji wa mazoea kwa kiasi cha kujali. Kwa hiyo duara halikatishi mfululizo, ila lina sharti moja: siku ya kwanza baada ya duara, hata ukiwa na nguvu, anza na kima cha chini. Kadi tano kwanza, ndipo uamue kama utaendelea. Anayerudi kutoka msibani akijiwekea saa mbili za kulipa deni, mara nyingi siku hiyo halipi, na kesho yake deni limekuwa zito zaidi.

Ndugu zangu, kahawa mbivu zimeanza kuonekana mashambani. Kabla ya Jumapili, kateni kadi tano kutoka kwenye mada mliyoisoma wiki hii, mzitie kwenye mkebe, na mkebe muuweke kwenye rafu ya chumvi. Mashine za kumenya zitaanza kuzunguka hivi karibuni, na jioni ya kwanza mtakapomaliza kuziosha, mkono wenu ukinyooshwa kutafuta chumvi, utakutana na swali.